Mfumo Unasema "Imetumwa": Mahali Barua Pepe za Idhini Zinapokwama

*Mhadhara kwa wakuu wa idara, maofisa ununuzi na maofisa wa TEHAMA wa vyuo*



Nimeombwa nizungumzie tatizo ambalo kila mmoja wenu amelikuta kwa upande wake. Mwombaji anajaza ombi kwenye mfumo, na mfumo unamwandikia kwamba ombi limetumwa kwa Mkuu wa Idara. Mkuu wa Idara anaapa kwamba hajaona kitu. Wiki inapita. Mwombaji anaamini amenyimwa, Mkuu anaamini hajaombwa, na kitengo cha TEHAMA kinaamini mfumo ni mzima kwa kuwa skrini inasema hivyo. Wote watatu wanasema kweli kwa kadiri ya wanachokiona.

Hoja yangu leo ni moja. Barua pepe ya idhini hukaguliwa mara mbili kabla ya kumfikia mhusika: inapoondoka na inapofika. Kwa anayeisubiri, kukwama kwenye ukaguzi wa kwanza hakuna tofauti na kukwama kwenye wa pili, kwani yote anayoyaona ni sanduku tupu. Lakini tiba zake ni mbili tofauti, na tiba ya tatizo la kwanza, ikifanywa kwa pupa, ndiyo inayozaa la pili. Nitawaonyesha jinsi hilo linavyotokea, na jinsi ya kujua barua imekwama wapi.

Nani ametia saini?

Wengi wenu mmefanya kazi na masjala. Jalada likitoka ofisi moja kwenda nyingine, tarishi alibeba kitabu cha dispachi, na aliyepokea alitia saini. Ukitaka kujua jalada liko wapi, ulitafuta saini ya mwisho. Barua pepe nayo hupita mikononi mwa wapokeaji kadhaa, na kila mmoja hutoa saini yake, ila saini hizo zimeandikwa kwa tarakimu na hukaa mahali ambapo mwombaji hafiki.

Mfumo wa idhini unapoandika "imetumwa", kwa kawaida una saini moja tu: ya mpokeaji wa kwanza kabisa. Mara nyingi mpokeaji huyo ni programu ya barua iliyomo ndani ya seva ileile ya mfumo. Mifumo mingine hata saini hiyo haiisubiri. Inaweka ujumbe kwenye foleni yake ya ndani, inabadilisha hali ya ombi kuwa "imetumwa", kisha programu nyingine ndiyo inayohangaika na kutuma. Ikishindwa, kosa linaandikwa kwenye logi na skrini ya mwombaji haibadiliki.

Saini zenyewe ni rahisi kusoma. Seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Inayoanza na 2 ina maana "nimepokea". Inayoanza na 4 ina maana "si sasa, jaribu tena baadaye", na anayetuma huendelea kujaribu, kwa kawaida hadi siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa. Inayoanza na 5 ina maana "sipokei", na hapo hakuna kujaribu tena. Baada ya namba hiyo huja namba nyingine yenye nukta, kwa mfano 5.7.8. Ile 7 ya katikati inasema kwamba sababu ni ya usalama au ya kanuni za seva. Mtu akijua haya tu, nusu ya uchunguzi ameshaumaliza.

Ukaguzi wa kuondoka

Itifaki inayosafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982 kwa ajili ya mtandao wa kompyuta chache ambazo wenyewe waliaminiana. Haikuwa na nywila. Mtu yeyote aliyeweza kuifikia seva aliweza kuipa barua na kuandika jina lolote la mtumaji. Utaratibu wa seva kumdai mtumaji ajitambulishe kwanza uliwekewa kiwango rasmi mwaka 1999. Leo hakuna mtoa huduma makini anayekubali kusafirisha barua ya chuo chenu bila utambulisho huo.

Tuchukue chuo cha mfano. Barua pepe za chuo ziko kwa Google, na mfumo wa idhini za ununuzi uko kwenye seva ya chuo chenyewe, ndani ya chumba cha seva. Mfumo umepewa akaunti yake, `mfumo@chuo.example`, na unatuma kupitia `smtp.gmail.com`, poti 587. Kwa kuwa Google hawakubali tena nywila ya kawaida kutoka kwenye programu ya namna hii, fundi alitengeneza nywila ya programu, yaani ile ya herufi 16 inayopatikana baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, akaiweka kwenye mipangilio ya mfumo. Mambo yakaenda vizuri kwa muda mrefu.

Siku moja kitengo cha TEHAMA kinatoa agizo la usalama: akaunti zote zibadilishwe nywila. Ofisa mmoja mwangalifu anabadilisha na ya `mfumo@chuo.example`. Anachokosa kujua ni kwamba akaunti ya Google ikibadilishwa nywila yake kuu, nywila zote za programu zilizotengenezwa chini yake hufutwa papo hapo. Mfumo unaendelea kutumia zile herufi 16 ambazo hazina thamani tena. Tangu dakika hiyo, kila barua inajibiwa hivi:

```
535-5.7.8 Username and Password not accepted.
```

Hiyo 535 ndiyo alama ya kukwama mlangoni pa kutokea. Barua haijaondoka, haijafika kwa Mkuu wa Idara, haimo kwenye Spam yake, na hakuna faida kumwambia akaitafute humo. Dalili yake kubwa ni kwamba tatizo linawapata wote kwa wakati mmoja, kuanzia dakika moja inayojulikana. Ukikuta barua za mfumo kwa watu wote zilikoma siku ileile, anza na nywila.

Nawaomba msome maneno yanayofuata namba, kwa sababu 535 ina sababu nyingi. Chuo kinachotumia huduma ya Microsoft kinaweza kukuta hii:

```
535 5.7.139 Authentication unsuccessful, SmtpClientAuthentication is disabled for the Tenant.
```

Hapa nywila inaweza kuwa sahihi kabisa. Kinachosemwa ni kwamba msimamizi wa huduma amefunga njia hii ya kujitambulisha kwa taasisi nzima. Unaweza kubadilisha nywila kutwa kucha bila kupata kitu, kwa maana dawa iko kwenye mipangilio ya msimamizi, au kwenye kuuhamisha mfumo utumie njia mpya ya utambulisho.

Kufungwa huku kwa milango ya zamani kumekuja kwa awamu. Google waliondoa nywila za kawaida kwa programu za nje kwenye akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022, na kwa akaunti za taasisi mwaka 2025. Microsoft walianza kuzifunga njia za zamani kwa jumla tarehe 1 Oktoba 2022, wakaiacha hii ya kutumia SMTP ishughulikiwe baadaye. Mfumo ulionunuliwa zamani na haujaguswa tangu hapo unaweza kuzimika barua zake bila mtu yeyote chuoni kufanya kosa.

Njia ya mkato

Turudi kwenye chuo chetu. Maombi yamesimama, Mkuu wa Maabara anasubiri vitendanishi vya mtihani wa vitendo, na simu za kitengo cha TEHAMA hazitulii. Fundi anaona 535 kwenye logi. Aliyekuwa na akaunti yuko likizo. Kwa hiyo fundi anafanya jambo linalofanywa kila mahali: anaondoa kabisa jina la mtumiaji na nywila kwenye mipangilio, na kuuelekeza mfumo kwenye programu ya barua iliyomo ndani ya seva yenyewe, Postfix, ambayo haimdai nywila anayetoka ndani ya seva hiyo. Anajaribu ombi namba 4471. Logi inasema:

```
250 2.0.0 Ok: queued as 9C1D74027
```

Makosa yamekwisha. Skrini inasema "imetumwa". Fundi anafunga tiketi.

Lakini tazameni saini ile ni ya nani. Aliyesema 250 ni Postfix wa humohumo ndani, na maneno `queued as` yana maana kwamba ameiweka kwenye foleni yake. Sasa Postfix ndiye anayebeba barua moja kwa moja hadi kwenye seva ya mpokeaji, kupitia anwani ya IP ya intaneti ya ofisi. Zamani barua za mfumo zilitoka mikononi mwa Google, wakiwa na jina lao na sifa yao. Leo zinatoka kwenye anwani ambayo dunia haijawahi kuona barua ikitoka humo, zikidai kuwa ni za `chuo.example`. Tatizo halijaondoka, limehama kutoka mlango wa kutokea hadi mlango wa kuingilia, na njiani limepoteza ile namba iliyokuwa inamwonyesha fundi kosa.

Ukaguzi wa kufika

Seva inayopokea haina nywila ya kumdai mgeni. Inachouliza ni kama barua hii imeruhusiwa na mwenye kikoa inachokitaja. Jibu inalitafuta kwenye rekodi za DNS za kikoa hicho, kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni SPF, orodha ambayo mwenye kikoa ameitangaza, ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Ya pili ni DKIM, saini ya kihisabati inayobandikwa juu ya barua na kuhakikiwa kwa ufunguo uliotangazwa kwenye DNS. Juu ya hizo mbili kuna DMARC, tangazo la mwenye kikoa kuhusu nini kifanywe barua inaposhindwa, likiwa na sharti kwamba kikoa kilichothibitishwa kilingane na kile ambacho msomaji anakiona kwenye mstari wa mtumaji.

Kwa miaka mingi hayo yalikuwa hiari kwa watumaji wadogo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila anayeandikia akaunti zao za binafsi awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi, ambako kwa Google ni barua 5,000 au zaidi kwa siku, awe na zote mbili pamoja na DMARC. Chuo chenye barua arobaini za idhini kwa siku hakifikii idadi hiyo, lakini sharti la kwanza linakihusu. Baada ya njia ya mkato, barua iliyokwenda kwa mjumbe wa bodi ya zabuni anayetumia akaunti binafsi ya Gmail ilikataliwa hivi:

```
status=bounced (... said: 550-5.7.26 Your email has been blocked
because the sender is unauthenticated.)
```

Taarifa hiyo ya kukataliwa ilirudishwa kwa mtumaji, kama utaratibu unavyotaka. Lakini mtumaji aliyeandikwa kwenye bahasha hakuwa `mfumo@chuo.example`. Kila barua pepe ina watumaji wawili: anayeonekana na msomaji, na yule wa bahasha, ambaye seva hupeana bila msomaji kumwona. Fundi alipouelekeza mfumo kwa Postfix, ulianza kujaza bahasha kwa jina la mtumiaji wa ndani wa seva, `www-data@seva2.chuo.example`. Taarifa zote za kukataliwa zikarudi na kurundikana kwenye faili `/var/mail/www-data`, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua.

Bahasha hiyo ilileta shida nyingine. Fundi alipoelewa habari ya SPF aliongeza anwani ya IP ya ofisi kwenye rekodi ya chuo. Barua ziliendelea kushindwa. Mkuu wa Idara alipozikuta baadhi kwenye Spam, fundi alifungua `Show original` ndani ya Gmail akaona hivi:

```
spf=none smtp.mailfrom=www-data@seva2.chuo.example
dmarc=fail header.from=chuo.example
```

SPF hukaguliwa kwa kikoa cha bahasha. Rekodi aliyoirekebisha ilikuwa ya `chuo.example`, na bahasha ilisema `seva2.chuo.example`, jina lisilo na rekodi yoyote. Alikuwa ameruhusu seva sahihi kwa jina ambalo seva hiyo haikulitumia. Ilipasa ama kuubadilisha mfumo uandike `mfumo@chuo.example` kwenye bahasha, ama kulipa lile jina la seva rekodi yake. Njia ya kwanza ni bora, kwani barua zilizokataliwa nazo zitarudi kwenye sanduku linalosomwa.

Nieleze pia kosa linaloumiza chuo kizima. Rekodi ya SPF inatakiwa iwe moja tu kwa kila kikoa. Anayetaka kuongeza seva anaongeza ndani ya mstari uliopo, namna hii:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.25 ~all
```

Akiandika mstari wa pili unaoanza na `v=spf1`, seva inayopokea haichagui mmoja kati ya hiyo miwili; inahesabu kwamba rekodi nzima ni mbovu. Fundi aliyekusudia kuokoa barua za mfumo atakuwa amedhoofisha barua za Makamu Mkuu wa Chuo, za udahili na za kila mwalimu.

Barua inayofanana na ya tapeli

Hata barua iliyopita ukaguzi wa kikoa inaweza kuishia Spam, na hapa barua za idhini zina ugumu wake wa pekee. Zitazameni kwa macho ya kichujio. Ujumbe ni mfupi. Unazungumzia fedha. Unamhimiza msomaji afanye jambo haraka. Una kiungo kimoja anachotakiwa kukibofya, na kiungo chenyewe ni `http://203.0.113.25:8080/idhini?id=4471`, yaani anwani ya tarakimu isiyo na jina wala ulinzi wa TLS. Kila sifa niliyoitaja ni sifa ya barua ya mtu anayewinda nywila. Kichujio kinapoiweka kando, kimefanya kazi kiliyofundishwa.

Dawa yake iko kwenye kuiandika barua vizuri. Kiungo kiwe cha jina la chuo na kianze na `https`. Barua imtaje mwombaji, idara, namba ya ombi, kinachoombwa na kiasi, ili hata msomaji aweze kuitambua kuwa ni ya kweli. Mfumo usimwandike mwombaji kwenye mstari wa mtumaji. Baadhi ya mifumo hufanya hivyo ili Mkuu aone imetoka kwa nani, lakini mwombaji akiwa na anwani ya Yahoo, seva yenu inakuwa inadai kuwa ni Yahoo, na tangu Aprili 2014 Yahoo wametangaza kupitia DMARC kwamba barua kama hizo zikataliwe. Jina la mwombaji liingie kwenye kichwa cha habari, na anwani yake kwenye sehemu ya kujibu.

Waidhinishaji nao wana sehemu yao. Mkuu wa Idara anayechoshwa na vikumbusho akavibofya kuwa ni barua taka, anakifundisha kichujio. Baada ya muda barua zote za mfumo zitakwenda huko, na huenda za wenzake pia. Kama vikumbusho ni vingi mno, aombe vipunguzwe.

Namna ya kujua imekwama wapi

Uchunguzi uanzie upande wa mtumaji na ufuate saini moja baada ya nyingine. Chukua ombi moja lenye namba, tarehe na saa. Tafuta kwenye logi ya mfumo kama ujumbe wake uliundwa. Mara nyingine hakuna hata ujumbe, kwa sababu cheo cha mwidhinishaji kimebadilika na anwani yake haimo. Kama uliundwa, tafuta jibu la seva ya kwanza. Ukikuta 535 au 534, umefika: ni utambulisho wa kuondoka. Ukikuta 250, chukua ile namba ya foleni, hapa `9C1D74027`, na uitafute kwenye logi ya Postfix hadi uone `status=`. Ikiwa `bounced`, sababu imeandikwa hapohapo. Ikiwa `deferred`, bado inajaribu. Ikiwa `sent`, na jibu ni la seva ya mpokeaji mwenyewe, basi imepokelewa, na hapo ndipo penye haki ya kumwomba Mkuu wa Idara aangalie Spam, na kumwomba msimamizi wa barua aangalie karantini, ambayo Mkuu mwenyewe huenda haioni.

Jaribio lifanyike kutoka kwenye seva ya mfumo. Fundi anayefungua Gmail kwenye kompyuta yake na kumtumia Mkuu barua ya majaribio amethibitisha kwamba yeye anaweza kumwandikia Mkuu, na hajajifunza chochote kuhusu mfumo, kwa sababu barua yake imepita njia nyingine na utambulisho mwingine. Kuna zana ya bure iitwayo `swaks` inayofaa kazi hii. Ukiwa ndani ya seva unaandika:

```
swaks --server smtp.gmail.com --port 587 --tls \
  --auth LOGIN --auth-user mfumo@chuo.example \
  --from mfumo@chuo.example --to mkuu@chuo.example
```

Itakuuliza nywila, kisha itakuonyesha mazungumzo yote na seva mstari kwa mstari. Jaribu kwa mpokeaji wa ndani ya chuo na kwa wa nje, maana vichujio vyao havifanani.

Matengenezo yanayodumu

Kwa chuo chetu cha mfano, njia bora ilikuwa kuurudisha mfumo kwa Google, ila kupitia huduma yao ya kupitishia barua, `smtp-relay.gmail.com`. Humo msimamizi anaweza kusajili anwani ya IP ya seva, na seva ikatambuliwa kwa anwani hiyo. Hapo mabadiliko ya nywila hayagusi tena idhini. SPF ya Google iliyokuwepo inatosha, na saini ya DKIM inabandikwa na Google wenyewe, mradi msimamizi amewasha DKIM na kutangaza ufunguo wake kwenye DNS ya chuo.

Njia hii nayo ina mpaka wake. Inahitaji anwani ya IP isiyobadilika. Ofisi ambayo mtoa huduma wake wa intaneti hubadilisha anwani kila kifaa kinapozimwa na kuwashwa, itakuta barua zimekoma asubuhi baada ya umeme kukatika. Ofisi ya namna hiyo ibaki na akaunti na nywila ya programu, lakini akaunti hiyo iandikwe kwenye daftari la kitengo: inatumiwa na mfumo gani, nani anaisimamia, na kwamba haibadilishwi nywila bila kutengeneza nyingine ya programu na kuiingiza kwenye mfumo saa hiyohiyo.

Kuhusu DMARC, anzeni na `p=none` pamoja na anwani ya kupokea ripoti. Kwa hatua hiyo hakuna barua inayozuiwa, na ripoti zitawaonyesha seva zote zinazotuma kwa jina la chuo. Vyuo vingi hugundua hapo kwamba mfumo wa maktaba na wa ada nayo inatuma bila ruhusa kwenye SPF. Irekebisheni mifumo hiyo kwanza ndipo mkaze kanuni. Chuo kinachorukia `p=reject` siku ya kwanza kinaamuru dunia nzima ikatae barua za mifumo yake chenyewe.

Yaliyokwama yafanyweje?

Barua zikishaanza kufika, kazi haijaisha. Maombi ya wiki zile bado yamelala, kwani mifumo mingi haitumi tena ujumbe ulioshindwa. Kwenye Oracle E-Business Suite, kwa mfano, ujumbe ulioshindwa huwekwa hali ya `FAILED`, na mpokeaji mwenyewe hubadilishwa chaguo lake la kupokea barua kuwa `DISABLED`. Msimamizi asiyejua hilo atarekebisha seva ya barua, kisha atashangaa kwa nini watu walewale bado hawapati kitu, hadi awarudishie chaguo hilo na kuendesha programu ya kutuma upya.

Msifungulie foleni nzima kwa mkupuo. Mamia ya barua zinazofanana, kutoka kwenye anwani iliyokuwa kimya, ndiyo tabia hasa ambayo vichujio vinaikamata, na humo mtakuwa na maombi ambayo yalishaidhinishwa kwa simu au kupitwa na wakati. Toeni kwenye mfumo orodha ya yanayosubiri, mmpelekee kila mwidhinishaji barua moja yenye maombi yake yote, na muanze na yale yenye tarehe za mwisho.

Ndugu zangu, haya yote yanatupeleka kwenye kanuni ya kuujenga mfumo wenyewe. Idhini hukaa ndani ya mfumo. Barua pepe ni taarifa tu ya kwamba kuna jambo linasubiri. Kwa hiyo mwidhinishaji anapoingia kwenye mfumo aone orodha ya yanayomsubiri hata kama hajapata barua. Mwombaji aone ombi lake liko kwa nani na tangu lini, na neno "imetumwa" lisitumike mpaka seva ya mpokeaji iwe imetia saini. Kabla ya hapo skrini iseme "iko kwenye foleni". Ombi lililokaa siku tatu bila kufunguliwa limfikie mtu kwa njia nyingine, iwe ujumbe mfupi wa simu au orodha inayochapishwa kila asubuhi kwa katibu wa idara. Na barua ikikataliwa, tangazo lionekane kwa mtu mwenye jina, ambaye kazi yake imeandikwa kuwa ni kulisoma.

Mtakaporudi vyuoni, naomba kila mkuu wa kitengo cha TEHAMA ajibu maswali matatu kwa maandishi kabla ya mwisho wa wiki. Mfumo wetu wa idhini unajitambulisha kwa seva ya barua kwa akaunti au anwani gani? Barua zake zikikataliwa, taarifa inarudi kwenye sanduku la nani? Na leo hii kuna maombi mangapi yanayosubiri ambayo mwidhinishaji wake hajawahi kuyafungua? Ambaye swali la pili litamshinda, aanze na hilo, kwa sababu majibu ya mengine mawili huenda yamekuwa yakirudi humo siku zote bila msomaji.